Kikapu cha kilo tano na gramu hamsini

Ujumbe uliingia saa nne usiku, siku ya tisa tangu nifungue duka langu la mtandaoni. "Dada, mbona duka lako halitaki pesa yangu?" Chini yake kulikuwa na picha ya skrini. Anwani ameijaza vizuri, namba ya simu ipo, lakini pale panapotakiwa kutokea gharama za usafirishaji pameandikwa kwamba hakuna njia ya usafirishaji kwa oda hii. Kitufe cha kuendelea kilikuwa cha kijivu, hakibonyezeki.

Kikapu chake kilikuwa na mikoba mitatu mikubwa, mmoja mdogo, na pochi. Tangu nifungue, sikuwa nimeona mtu akijaribu kununua vitu vingi kiasi hicho. Nilimjibu kwamba labda ni mtandao, ajaribu tena asubuhi. Jibu la kipuuzi, na nilijua ni la kipuuzi wakati naliandika, ila sikuwa na jingine.

Nirudi nyuma kidogo. Nashona mikoba, mikanda na pochi za ngozi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nauza kwa ujumbe wa simu: mtu anatuma picha, tunakubaliana bei, ananitumia pesa. Nilipochoka kujibu "hii ipo?" mara thelathini kwa siku, nikaamua kufungua duka kwenye yale majukwaa unayolipia kwa mwezi, ambapo wenyewe wanatunza seva, usalama na taarifa za kadi, wewe unapanga bidhaa tu. Sijui kuandika programu za kompyuta na sikuhitaji kujua. Niliambiwa duka linaweza kuwa tayari kwa siku moja. Mimi lilinichukua wiki tano. Tatu kati ya hizo zilikwenda kwenye mandhari, yaani sura ya duka, au themu kama wengi tunavyoiita, moja kwenye kategoria, na iliyobaki nikaigawa kati ya picha na kila kitu kingine. Hatua za malipo nilizipa jioni moja. Ukielewa mgawanyo huo umeshaelewa kosa langu, lakini ngoja nieleze lilivyokuwa.

Mandhari nililolipenda lilikuwa la kulipia, na bei yake ilikuwa sawa na ada ya jukwaa ya miezi mitano. Kwenye duka la mfano lilipendeza mno: picha pana inayofunika skrini nzima, bidhaa nne tu, maandishi machache. Nililipa, nikapakia picha zangu, na duka likageuka kituko. Picha zangu zote nilizipiga kwa simu zikiwa zimesimama wima, na lile mandhari lilitaka picha za kulala. Likawa linazikata lenyewe. Mikoba ikaonekana tumbo bila mishikio, mkanda ukawa mstari wa kahawia usio na kichwa wala mkia. Nikakaa siku sita napiga picha upya badala ya kubadilisha mandhari, kwa sababu nilikuwa nimeshatoa pesa na pesa hairudi.

Baadaye ndipo niliposoma vizuri na kugundua kwamba jukwaa lilikuwa linaruhusu kujaribu mandhari ya kulipia, na bidhaa zangu mwenyewe ndani yake, kabla ya kulipa chochote. Kitufe kilikuwepo siku zote. Kwa hiyo sasa mtu akiniuliza, namwambia aanze na mandhari ya bure, aweke ndani yake bidhaa tano akitumia picha zake mbaya kuliko zote, kisha afungue ukurasa wa bidhaa moja kwenye simu. Ukurasa wa mwanzo usikushughulishe sana. Wengi wanaingia kupitia kiungo cha bidhaa ambacho mtu amewatumia, na ukurasa wa mwanzo hawauoni kabisa. Kama kwenye simu bei, chaguo la rangi na kitufe cha kuweka kikapuni vyote vinaonekana bila kusogeza skrini sana, hilo linatosha. Na picha zote zikate ziwe mraba kabla ya kupakia. Mraba haumsumbui mtu.

Kitu kingine kuhusu mandhari, ambacho laiti ningekijua wiki ya kwanza: kwenye jukwaa langu mandhari inaishia kwenye kikapu. Mteja akibonyeza kwenda kulipa, anatoka kwenye kurasa nilizozipamba na kuingia kwenye kurasa za jukwaa lenyewe. Huko naruhusiwa kuweka nembo, kubadilisha rangi, na kuchagua sehemu zipi za fomu zijazwe. Basi. Hata lugha inakaa mahali tofauti. Nilitumia siku mbili kutafsiri maneno yote ya mandhari kwa Kiswahili safi, kumbe maneno ya kurasa za malipo na ya barua pepe za oda yana ukurasa wao wa mipangilio. Wateja wa kwanza walitembea dukani kwa Kiswahili, kisha walipofika kwenye pesa wakakutana na Kiingereza. Mahali ambapo mtu anahitaji kuamini zaidi ndipo duka lilipobadilika sura.

Kategoria nilizifanya kumi na nne. Bidhaa zilikuwa thelathini na nane. Hesabu hiyo peke yake ingenishtua kama ningeiandika kwenye karatasi, lakini kwenye skrini, kila kategoria mpya ilinipa raha ya mtu anayepanga kabati. Kulikuwa na mikoba ya kike, mikoba ya ofisini, mikoba ya safari, nyeusi, kahawia, zawadi, mpya, na nyingine ambazo hata sizikumbuki. "Zawadi" ilikuwa na vitu viwili. Mtu anayefungua kategoria akakuta vitu viwili anahisi duka limefilisika.

Ubaya mkubwa ulikuwa kwenye zile za rangi. Kwa kuwa rangi nilizifanya kategoria, nililazimika kuutengeneza mkoba mmoja mara tatu: mweusi bidhaa yake, wa kahawia bidhaa yake, wa damu ya mzee bidhaa yake. Kumbe jukwaa lina mahali pa kuweka machaguo ndani ya bidhaa moja, na kila chaguo likawa na picha, akiba na uzito wake. Nilipozikunja zote, bidhaa thelathini na nane zikawa kumi na saba, na kategoria zikabaki nne: mikoba, mikanda, pochi, na vya punguzo. Rangi ikawa kichujio pembeni. Kipimo ninachotumia sasa ni rahisi: mteja akitaja kitu kwa jina lake, "natafuta mkanda", hiyo ni kategoria. Akikielezea, "uwe mweusi", hiyo ni chaguo au kichujio.

Kukunja bidhaa kulikuwa na gharama yake pia. Kila bidhaa iliyofutwa ilikuwa na anwani ambayo tayari nilishaisambaza kwa watu, na wao walikuwa wanaifungua na kukuta ukurasa haupo. Dawa yake ni kuelekeza anwani ya zamani kwenye mpya, ule uelekezaji wa kudumu unaoitwa `301`. Majukwaa mengi yana sehemu ya kuandika jozi hizo, ya zamani kushoto na mpya kulia:

```
/mkoba-mkubwa-mweusi    /mkoba-mkubwa
/mkoba-mkubwa-kahawia   /mkoba-mkubwa
```

Fanya hivyo kabla ya kufuta, ukiwa bado unaona anwani za zamani. Mimi nilifuta kwanza, ikabidi nizikusanye moja moja kutoka kwenye ujumbe niliokuwa nimewatumia watu.

Kategoria zangu pia zilikuwa zinajijaza zenyewe kwa lebo: bidhaa yenye lebo `mkoba` inaingia kwenye mikoba. Ni mpango mzuri mpaka uandike `mikoba` kwenye bidhaa mbili na `mkoba` kwenye nyingine. Hizo mbili hazikuleta kosa lolote wala onyo. Zilikaa dukani bila kuwa kwenye kategoria yoyote, na mteja asingezikuta labda atafute kwa jina. Niligundua kwa kujumlisha tu: kategoria zote pamoja zilinipa kumi na tano wakati orodha ya bidhaa inasema kumi na saba.

Sasa tufike kwenye ile jioni moja ya malipo.

Nilifungua mipangilio ya malipo nikiwa nimechoka. Paliulizwa kama mteja lazima afungue akaunti kabla ya kununua, nikaweka ndiyo, nikidhani ni usalama. Siku tatu za kwanza watu walifika hapo wakaishia hapo. Mtu anayenunua mkanda mmoja hataki kutunga nenosiri. Nikabadilisha ikawa hiari, na hilo angalau nililirekebisha mapema. Namba ya simu, kwa upande mwingine, ilikuwa hiari na nikaiacha hivyo, matokeo yake mpeleka mizigo akawa ananipigia mimi kuuliza nyumba iko wapi. Hiyo niliifanya ya lazima. Jina la kampuni nikalificha, na ule mstari wa pili wa anwani nikauacha hiari. Fomu ikawa fupi.

Usafirishaji ndio ulionifunga. Jukwaa linataka ueleze kanda, yaani maeneo unayopeleka, na ndani ya kila kanda uweke viwango. Kiwango kinaweza kufuata bei ya oda au uzito wake. Nikachagua uzito kwa sababu mpeleka mizigo wangu ananitoza kwa kilo. Nikaweka madaraja matatu: kutoka sifuri hadi kilo 1, kutoka kilo 1 hadi 3, na kutoka 3 hadi 5. Nikaishia 5 kwa sababu sikuwahi kutuma mzigo unaozidi hapo. Sikufikiria kwamba kwa mfumo, oda isiyoingia kwenye daraja lolote haina bei ya kusafirishwa, na isiyo na bei ya kusafirishwa haiwezi kulipiwa. Mfumo haubahatishi daraja la karibu. Hauniandikii barua kuniambia. Unamwambia mteja tu kwamba hakuna njia.

Usiku ule, baada ya lile jibu langu la mtandao, sikulala. Nikachukua kalamu. Mkoba mkubwa una kilo 1.4, mara tatu ni 4.2. Mkoba mdogo 0.7, inakuwa 4.9. Pochi gramu 150. Jumla kilo 5.05. Gramu hamsini zimevuka. Nikaingia dukani kama mteja, nikajaza kikapu kile kile bila pochi: gharama ya usafirishaji ikatokea, kitufe kikawa cha bluu. Nikaongeza pochi: kijivu. Nikatoa: bluu. Nilirudia labda mara nne, kama mtu anayewasha na kuzima taa haamini kwamba umeme umerudi.

Kilichoniuma ni kuelewa nani alikuwa anakwama. Mwenye kununua kitu kimoja alipita bila shida, ndiyo maana nilidhani duka linafanya kazi. Aliyetaka kununua vingi ndiye aliyefungiwa mlango. Nikafungua orodha ya oda zilizoachwa njiani, ile inayoonyesha watu waliofika kwenye malipo wasimalize. Siku zote tisa sikuwa nimeigusa, nikiamini ni watu wanaotazama tu. Zilikuwa kumi na tatu. Tano zilikuwa zimezidi kilo 5.

Nane zilizobaki zilikuwa na kitu kingine kinachofanana: kila moja ilikuwa na mkanda ndani yake.

Huo nao nikaufuatilia. Bidhaa nyingi niliziingiza kwa faili la jedwali lenye safu ya uzito kwa gramu. Mikanda niliiongeza baadaye, kwa mkono, nikaandika 250 kwenye kisanduku cha uzito. Pembeni ya kisanduku kuna kitufe kidogo cha kuchagua kipimo, na chaguo lake la mwanzo lilikuwa kilo. Kwa hiyo dukani kwangu kila mkanda ulikuwa na kilo mia mbili na hamsini, na hakuna mkanda hata mmoja uliokuwa umeuzwa tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshajiambia kwamba mikanda haina soko mtandaoni, na nilikuwa nafikiria kuiondoa.

Marekebisho yalichukua dakika ishirini. Mikanda ikawa gramu 250. Nikaongeza daraja la mwisho lililo wazi juu, kuanzia kilo 5 bila kikomo, kwa bei ambayo hata mzigo mzito hautanitia hasara kubwa. Nikaangalia pia mipaka kati ya madaraja, maana mtu akiandika daraja la kwanza linaishia 1.00 na la pili linaanza 1.01, kikapu cha kilo 1.005 kinaanguka katikati na kupotea. Na nikaongeza uzito wa sanduku na karatasi za kufungia kwenye kila bidhaa, kwa sababu kwenye jukwaa langu uzito uliohesabiwa ulikuwa wa bidhaa peke yake, wakati mzani wa mpeleka mizigo unapima vyote.

Kosa lililo kinyume na hili ni la kimya zaidi. Bidhaa ambayo hukuandika uzito kabisa inahesabiwa sifuri. Mteja anapita vizuri, analipa, anafurahi, na tofauti ya usafirishaji unailipa wewe. Mikoba midogo ya mtindo mmoja ilikuwa hivyo. Ile niliijua nilipolipia mzigo mara ya tatu nikaona stakabadhi hazilingani na nilichopokea.

Yote haya yangeonekana mapema kama ningefanya oda za majaribio sawasawa. Nilifanya moja. Pochi moja, anwani yangu mwenyewe, nikaona "asante kwa oda yako", nikashangilia. Oda moja nyepesi inapima njia ambayo ni ngumu kuharibika.

Siku hizi nikibadilisha chochote kwenye bei, uzito au kanda, nafanya hivi. Naweka malipo kwenye hali ya majaribio, ambayo haichukui pesa halisi. Watoa huduma za malipo huwa na namba za kadi za kutumia humo. Kwa Stripe, kwa mfano, inayokubali ni `4242 4242 4242 4242` na inayokataliwa ni `4000 0000 0000 0002`, na tarehe yoyote ya mbele na tarakimu tatu zozote. Ile ya kukataliwa ina umuhimu wake, kwa sababu inakuonyesha mteja anaona nini kadi yake ikigoma: je, kikapu kinabaki au kinafutika? Kisha najaza vikapu vinne: chepesi kuliko vyote, kizito kuliko vyote ninavyoweza kufikiria na bidhaa moja zaidi ndani yake, kimoja chenye kitu kutoka kila kategoria, na kimoja kwenye anwani ya mbali kuliko zote ninazopeleka. Kila kimoja nakifanya kwenye simu, kwenye dirisha la faragha, ili duka lisinitambue kama mwenye mali.

Halafu natoka kwenye hali ya majaribio. Naliandika hili peke yake kwa sababu nilishalisahau. Niliacha duka kwenye majaribio tangu jioni mpaka kesho yake mchana, na humo kadi halisi zinakataliwa. Watu wawili waliniandikia kuuliza kama kadi zao zina tatizo, mmoja alikuwa ameshapiga simu benki. Sasa oda ya mwisho naifanya kwa kadi yangu halisi, kitu cha bei ya chini, kisha najirudishia pesa. Ada kidogo ya muamala huenda isirudi, nami naikubali. Na narudisha akiba, kwa sababu oda za majaribio zilipunguza hesabu ya mikoba mpaka mmoja ukaandikwa umekwisha wakati ninao minne rafuni.

Mteja wangu wa saa nne usiku nilimwandikia asubuhi. Sikumwambia tena habari za mtandao. Nilimweleza kwamba niliweka kikomo cha kilo tano na yeye amekizidi kwa uzito wa pochi. Alinyamaza kama nusu saa, nikadhani amekwenda zake. Kisha akajibu: "Sasa dada, si ungesema tu, ningeacha pochi." Oda yake ikaingia baada ya dakika chache. Ilikuwa na pochi, na mkanda.